Kujibu hoja ya ukaguzi: hatua, afisa mhusika na tarehe inayotekelezeka

"Hoja imepokelewa. Menejimenti itahakikisha kuwa kanuni zinazingatiwa ipasavyo siku zijazo."

Nimeshaandika sentensi hiyo mara nyingi nikiwa upande wa uhasibu, na sasa ninaikuta mara nyingi zaidi ninapofuatilia utekelezaji wa hoja. Haina kosa la lugha. Tatizo ni kwamba mwaka ukipita hakuna anayeweza kusema kama ilitekelezwa au la, kwa kuwa haikuahidi kitu cha kuonekana, haikumtaja mtu, na "siku zijazo" haimo kwenye kalenda yoyote. Mkaguzi akirudi anaikuta hali ileile, anaandika "hoja ya kujirudia", na hapo mazungumzo hubadilika kabisa.

Mwongozo huu unafuata hoja moja tu, kutoka inapofika mezani hadi inapofungwa. Nimechagua masurufu ya safari, yaani fedha anazopewa mtumishi kabla ya kusafiri na kutakiwa kuzitolea hesabu akirudi, kwa sababu karibu kila taasisi inayo na kwa sababu majibu yake huharibika kwa urahisi sana. Hoja yenyewe, kwa ufupi, iko hivi:

*Kanuni za fedha za taasisi zinataka masurufu yarejeshwe ndani ya siku 14 baada ya mtumishi kurudi safarini. Katika sampuli ya masurufu 60, 22 yalirejeshwa kwa kuchelewa, na 9 yalikuwa hayajarejeshwa hadi 31 Desemba. Watumishi 4 walipewa masurufu mapya kabla ya kurejesha ya awali. Sababu: udhaifu wa usimamizi. Athari: fedha zinaweza kutumika kinyume cha madhumuni au kupotea. Pendekezo: menejimenti iimarishe udhibiti wa masurufu.*

Rasimu ya ripoti imefika mwanzoni mwa Machi, na barua iliyoambatana nayo inataja siku ya mwisho ya kujibu. Iandike siku hiyo mahali unapoiona, maana kazi ya kwanza haihusu kuandika hata kidogo.

Hatua ya 1: Hakiki ukweli kabla ya kushika kalamu

Ichambue hoja katika vipande vyake vitano: kigezo, yaani kanuni inasema nini, hali iliyokutwa, sababu, athari, na pendekezo. Kisha nenda kwenye hali iliyokutwa na uihesabu upya wewe mwenyewe. Mwombe mkaguzi orodha ya yale masurufu 9, namba kwa namba, uilinganishe na rejesta, leja na majalada ya hati za malipo.

Katika mfano wetu uhakiki unatoa jambo ambalo wengi wangelishangilia mapema mno. Kati ya yale 9, mawili yalikuwa yamerejeshwa tangu Novemba. Stakabadhi zake zimo kwenye jalada la mradi, ila hakuna aliyeziingiza kwenye rejesta. Kwa hiyo yasiyorejeshwa ni 7. Habari njema? Nusu tu. Mkaguzi atapunguza idadi, lakini sasa sote tunajua kwamba rejesta yenyewe haiaminiki, na jibu letu lisiposema lolote kuhusu hilo atalisema yeye.

Jambo la pili la kuangalia ni kwamba kati ya 7 yaliyobaki, moja ni la mtumishi aliyeacha kazi. Usilichanganye na mengine 6. Utaona sababu tukifika kwenye tarehe.

Vielelezo vya yale mawili vipelekwe sasa, wakati ripoti bado ni rasimu. Kuna watu hutunza ushahidi ili wautoe kwa kishindo kwenye kamati ya ukaguzi. Kishindo hicho huwageukia, kwani swali la kwanza la wajumbe huwa ni kwa nini mkaguzi hakuonyeshwa alipokuwa ofisini kwenu.

Hatua ya 2: Amua unakubali nini

Majibu ni matatu: kukubali, kukubali kwa sehemu, au kutokubali. Kwa hoja hii mimi ningekubali moja kwa moja na kusahihisha idadi ndani ya maelezo. Kuandika "inakubaliwa kwa sehemu" kwa ajili ya masurufu mawili kati ya tisa kunamfanya msomaji adhani mna mgogoro na kiini cha hoja, wakati hamna.

Kutokubali kuna nafasi yake. Ikiwa mkaguzi ametumia kanuni iliyokwisha kubadilishwa, au amepima siku 14 kuanzia siku ya kuondoka badala ya siku ya kurudi, sema hivyo, taja kifungu, ambatisha hati. Usijitetee kwa uchache wa watumishi au wingi wa kazi. Hizo zinaweza kuwa sababu za tatizo, lakini hazifanyi tatizo lisiwepo. Na kutokubali si vita. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani vilivyoanza kutumika 9 Januari 2025 vinamtaka mkaguzi awe na utaratibu unaoruhusu pande zote mbili kueleza misimamo na sababu zao pale wasipoafikiana.

Hatua ya 3: Tafuta sababu mwenyewe

"Udhaifu wa usimamizi" si sababu. Ni jina jingine la hoja yenyewe. Ukiichukua kama ilivyo utaishia kuandika "menejimenti itaimarisha usimamizi", na mduara umefungwa.

Nenda kaketi na anayeshika rejesta ya masurufu, mwambie akuonyeshe ombi moja la masurufu linavyopita, fomu ikiwa mkononi. Usiulize kwa simu. Kwenye kesi hii utakachokiona ni hiki: fomu inaanzia kwa mtumishi, inakwenda kwa mkuu wa idara yake, inakwenda kwa Mkurugenzi wa Fedha kuidhinishwa, na ndipo inafika kwa mhasibu. Hakuna hata sehemu moja kwenye fomu inayoonyesha kama mwombaji ana masurufu ya nyuma. Anayejua hilo ni mhasibu peke yake, naye anaiona fomu ikiwa tayari na saini tatu, gari likiunguruma nje. Rejesta yake nayo ina safu ya tarehe ya kutoa na ya kurejesha, lakini haina safu ya tarehe ambayo marejesho yanatakiwa, kwa hiyo hakuna kinachomkumbusha kwamba siku 14 zimepita.

Sasa tuna sababu mbili zinazoweza kurekebishwa: taarifa inafika ikiwa imechelewa, na rejesta haihesabu siku. Ya tatu ni ile tuliyoiona kwenye uhakiki, kwamba marejesho ya fedha za miradi hayaingizwi kwenye rejesta kwa sababu yanapokelewa na mhasibu mwingine.

Semina kwa watumishi haitibu hata moja kati ya hizo. Nasema hivi kwa sababu mafunzo ndiyo dawa inayoandikwa kwa kila hoja. Mafunzo yanafaa pale watu wasipojua. Hapa kila mtu anaijua kanuni ya siku 14.

Hatua ya 4: Andika hatua zinazoonekana

Kila hoja ina kazi za aina mbili, na jibu zuri huzitenganisha. Ya kwanza ni kusafisha yaliyopita: masurufu 7 yaliyo nje. Ya pili ni kuziba tundu ili mwaka ujao yasiwepo mengine. Menejimenti nyingi hufanya ya kwanza tu, zinafurahi salio likisafishwa, halafu hoja inarudi ikiwa na majina mapya.

Kipimo changu cha hatua nzuri ni swali moja: mtu asiyewajua akija siku ya mwisho, ataombwa aangalie karatasi gani? Ikiwa huwezi kuitaja karatasi hiyo, hatua bado haijaandikwa. "Kuimarisha ufuatiliaji" haina karatasi. "Kutoa kila Ijumaa orodha ya masurufu yaliyopita siku 14 na kuikabidhi kwa Mkurugenzi wa Fedha, naye aisaini" inayo.

Chagua vitenzi vyenye mwisho: kurekebisha fomu, kutoa waraka, kukata kwenye mshahara, kufungia kwenye mfumo. Vitenzi kama kuhakikisha, kujitahidi na kuendelea kusisitiza havina mwisho, na hatua isiyo na mwisho haiwezi kupewa tarehe.

Hatua ya 5: Mpe mtu mmoja mwenye mamlaka

Andika cheo, si jina, kwa kuwa watu huhama na hoja hubaki. Andika cheo kimoja kwa kila hatua. "Idara ya Fedha" si afisa mhusika. "Mkurugenzi wa Fedha na Wakuu wa Idara wote" ni vibaya zaidi, maana siku ya kuulizwa kila mmoja atamtazama mwenzake. Wanaosaidia unaweza kuwataja, lakini mwenye kujibu awe mmoja.

Makosa mengi hutokea kwenye mamlaka. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha kupitia majibu ambapo hatua ya "kuzuia masurufu mapya kwa wenye madeni" ilikuwa imepewa mhasibu wa masurufu. Hakuwa ameulizwa. Aliisoma pale pale, akanyamaza kidogo, kisha akamwambia bosi wake kwa upole: "Mkuu, fomu ikinifikia ina saini yako tayari. Nikatae kwa mamlaka gani?" Hakuna aliyecheka. Hatua ikahamishiwa kwa yule mwenye saini, mhasibu akabaki na kazi anayoiweza: kutoa taarifa sahihi kabla saini haijawekwa.

Kwa hiyo, kabla jibu halijatoka, kila aliyetajwa alisome na akubali kwa maandishi. Ujumbe mfupi wa barua pepe unatosha. Muulize mambo mawili: je, unaweza kuamua jambo hili bila kuomba ruhusa kwa mwingine? Na je, tarehe hii umeipanga wewe au umepangiwa? Viwango nilivyovitaja hapo juu vinataka ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa ndani itaje watu wanaohusika kurekebisha hoja na tarehe iliyopangwa ya kukamilisha. Jina la cheo chako likishaingia humo, kuliondoa ni kazi.

Hatua ya 6: Hesabu tarehe, usiibuni

Tarehe mbaya ni za aina mbili. Kuna "mara moja" na "inaendelea", ambazo si tarehe. Na kuna ile ya siku ya mwisho ya mwaka wa fedha, inayoandikwa kwenye hoja zote 18 za ripoti, ikimwambia mkaguzi kwamba hakuna aliyekaa akafikiri.

Tarehe ya kweli hupatikana kwa kuigawa hatua katika vipande na kuuliza kila kipande kinamsubiri nani. Chukua hatua ngumu kuliko zote kwenye hoja yetu, kufanya mfumo wa uhasibu ukatae ombi jipya la mtu mwenye masurufu yaliyopitiliza. Kuandaa maelezo ya mabadiliko na kuyapeleka kwa mtoa programu ni wiki 2. Kupata bei yake na kibali cha matumizi ni wiki 6, ukijua jinsi vibali vinavyotembea kwenu. Kutengeneza ni wiki 4. Jumla wiki 12. Ukianza 16 Machi unafika 8 Juni. Majaribio ni wiki 3, hivyo mtu atavutiwa kuandika 30 Juni.

Lakini taasisi hii hufunga mwaka wake wa fedha 30 Juni. Mwezi wa Juni wahasibu wanaohitajika kwenye majaribio wanakimbizana na malipo ya mwisho, na Julai wanafunga hesabu. Hakuna atakayejaribu chochote, au atajaribu mtu asiyejua nini cha kuangalia, na hapo ni heri wasijaribu kabisa. Majaribio yasogezwe Agosti, mfumo uanze kutumika 1 Septemba. Halafu mkaguzi hafungi hoja kwa kuambiwa udhibiti umewashwa leo. Anataka kuona ukifanya kazi, aone angalau maombi yaliyokataliwa. Mpe mwezi mmoja kamili wa matumizi. Tarehe ya kuandika ni 30 Septemba.

Miezi sita na zaidi ni mirefu, na mkaguzi ana haki ya kuuliza: na hadi wakati huo? Ndiyo maana kila hatua ya muda mrefu huambatana na udhibiti wa muda. Hapa ni fomu iliyorekebishwa. Mkurugenzi wa Fedha anaweza kuibadilisha kwa saini yake mwenyewe: sehemu mpya ambayo mhasibu anaijaza kwanza, akieleza kama mwombaji ana deni, kabla fomu haijakwenda kwa mtu mwingine yeyote. Haihitaji bajeti wala kikao. 31 Machi inatosha.

Masurufu 6 ya watumishi waliopo yana njia yake: barua kwa kila mmoja ifikapo 20 Machi, na asiyerejesha hadi 17 Aprili akatwe kwenye mishahara ya Aprili na Mei, ikiwa kanuni zenu na ahadi aliyoisaini kwenye fomu zinaruhusu. Hakikisha kwanza orodha ya makato inafungwa tarehe ngapi ya mwezi. Nimeona ahadi nzuri ya kukata Aprili ikishindwa kwa sababu mshahara ulikuwa umeshachakatwa.

Lile la mtumishi aliyeacha kazi haliwezi kukatwa kwenye mshahara usiokuwepo. Kwanza iangaliwe kama ana stahili za mwisho ambazo hazijalipwa. Kama hazipo, linakwenda kwa Mwanasheria. Ukiliweka kapu moja na mengine, hatua nzima itaonekana haijatekelezwa kwa ajili ya mtu mmoja aliye nje ya uwezo wenu.

Hatua ya 7: Kusanya kuwa jibu moja

Baada ya yote hayo, kinachoandikwa ni kifupi kuliko ulivyotarajia:

> Msimamo: Hoja imekubaliwa. Uhakiki umeonyesha kuwa masurufu 2 kati ya 9 yalirejeshwa Novemba lakini hayakuingizwa kwenye rejesta (Kielelezo A). Yasiyorejeshwa ni 7.
>
> Sababu: Fomu ya ombi haionyeshi madeni ya mwombaji kabla ya kuidhinishwa, rejesta haina tarehe ya mwisho ya marejesho, marejesho ya fedha za miradi hayaingizwi kwenye rejesta kuu.
>
> 1. Kudai masurufu 6 ya watumishi waliopo kwa barua, na kukata mishahara ya Aprili na Mei kwa wasiorejesha. *Mhasibu Mkuu, 31 Mei.* Ushahidi: nakala za barua, stakabadhi, orodha ya makato.
>
> 2. Kukata deni la mtumishi aliyeacha kazi kutoka kwenye stahili zake, au kulikabidhi kwa hatua za kisheria. *Mwanasheria, 30 Juni.* Ushahidi: hesabu ya stahili au barua ya madai.
>
> 3. Kutumia fomu mpya yenye uthibitisho wa madeni kabla ya idhini. *Mkurugenzi wa Fedha, 31 Machi.* Ushahidi: waraka na fomu zilizojazwa.
>
> 4. Kuunganisha rejesta za miradi na rejesta kuu, kuweka safu ya tarehe ya mwisho, na kutoa orodha ya waliopitiliza kila Ijumaa. *Mhasibu Mkuu, 30 Aprili.* Ushahidi: rejesta na orodha za wiki 4 zilizosainiwa.
>
> 5. Kufungia maombi mapya kwenye mfumo kwa mwenye masurufu yaliyopitiliza. *Mkurugenzi wa Fedha, 30 Septemba.* Hatua ya 3 ndiyo udhibiti wa muda. Ushahidi: ripoti ya majaribio na ya maombi yaliyokataliwa Septemba.

Angalia hatua ya 4 ya jibu hili. Orodha za wiki 4 zinamaanisha ya kwanza itoke Ijumaa ya kwanza ya Aprili, si mwishoni. Tarehe na ushahidi visipolingana namna hiyo, mkaguzi ataona kabla yako. Pia utaona hakuna mahali tulipoahidi kwamba hakuna atakayechelewa tena. Watachelewa. Tulichoahidi ni kwamba atajulikana ndani ya wiki na hatapewa fedha nyingine.

Hatua ya 8: Fungua jalada siku ileile

Jibu likishasainiwa, fungua jalada la hoja, lenye sehemu moja kwa kila hatua, na ushahidi uingie unapozaliwa. Kuzitafuta orodha za Aprili mwezi wa Novemba ndiko kunakozaa karatasi zilizosainiwa zote siku moja kwa kalamu moja. Wakaguzi wanaijua kalamu hiyo.

Kila mwanzo wa mwezi, uliza hatua zinazoiva ndani ya siku 30 zijazo. Tarehe ikionekana haitafikiwa, omba kuisogeza kabla haijapita, kwa maandishi, ukieleza kilichotokea, kilichokwisha fanyika na udhibiti wa muda uliopo. Acha tarehe ya awali ionekane kando ya mpya. Kwenye mfano wetu, ikiwa kibali cha matumizi hakijatoka kufikia mwisho wa Mei, Mkurugenzi wa Fedha anajua tayari kwamba 30 Septemba iko hatarini, na ana miezi minne ya kusema. Akisubiri hadi 2 Oktoba, mkaguzi ndiye atakayemwandikia kwanza kuomba maelezo, na kwenye taarifa ya kamati hatua hiyo itasomeka "haijatekelezwa, muda umepita", hata kama mtoa programu amebakiza kazi ya siku tatu.